Wi-Fi kwenye jengo lililojaa: ugawane chaneli na jirani, au ujibanze katikati?

Ukifungua programu ya kuonyesha mitandao ya Wi-Fi ukiwa katika jengo la ghorofa, unachokiona ni vilima vilivyopandana juu ya chaneli ya 1, ya 6 na ya 11, na mabonde katikati yake. Jicho hukimbilia bondeni. Chaneli ya 4 haina mtu, basi kwa nini nisihamie huko?

Nilihamia. Laptopu iliendelea kuonyesha mistari yote ya mawimbi, lakini mazungumzo ya video yalikatika kila jioni, na faili ambalo asubuhi lilishuka kwa dakika moja, usiku lilichukua robo saa. Niliporudi chaneli ya 6, ambako jirani wa ukuta wa pili alisikika kwa nguvu kuliko mtandao mwingine wowote kwenye orodha, hali ikatulia. Nilichukua muda kuelewa kwa nini, na hapa nitaeleza sababu yake pamoja na njia ya kuufikia uamuzi kama huo kwa kupima. Nitakaa zaidi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kwa sababu ndiko kosa hili linakofanyika. Gigahezi 5 ina sehemu yake fupi mwishoni.

Namba ya chaneli ni alama ya katikati tu

Watu wengi huichukulia chaneli kama chumba chenye kuta. Kwa kweli namba ile inataja tu katikati ya eneo ambalo ruta inalitumia. Kwa chaneli ya 1 hadi ya 13, katikati hiyo hupatikana hivi:

```
MHz = 2407 + 5 × chaneli
```

Chaneli ya 1 iko 2412, ya 6 iko 2437, ya 11 iko 2462. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, ilhali mtandao wenyewe una upana wa megahezi 20, yaani 10 kila upande wa alama. Kwa hiyo ruta iliyowekwa chaneli ya 4 imejitandaza kuanzia 2417 hadi 2437. Imelalia robo ya juu ya chaneli ya 1 na nusu ya chini ya chaneli ya 6. Bonde lililoonekana tupu ndipo mahali ambapo miguu ya vilima viwili inakutana.

Chaneli za 1, 6 na 11 zimeachana megahezi 25, kwa hiyo kingo zake hazigusani. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kupendwa kwake. Hazina ubora mwingine wowote.

Anayekuelewa na asiyekuelewa

Vifaa vya Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kusema. Ruta yako inapotaka kutuma, hutega sikio hewani. Ikisikia mwingine anatuma, hunyamaza, husubiri amalize, huongeza muda mdogo wa kubahatisha ili wasianze wawili kwa pamoja, kisha hutuma. Zaidi ya hapo, kila fremu, yaani kila kifurushi cha data kinachorushwa hewani, hutaja mwanzoni itachukua muda gani, na anayeisoma anajua asubiri mpaka lini.

Utaratibu huu unafanya kazi vizuri mnapokuwa chaneli moja, kwa kuwa ruta yako inaweza kusoma maneno ya jirani. Inatakiwa kutambua mwanzo wa fremu yake hata kama inaifikia kwa unyonge wa -82 dBm. (Namba hizi ni hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. -50 ni kelele za mlango wa pili, -82 ni mnong'ono.) Unachopoteza hapo ni zamu: jirani akitumia theluthi moja ya muda wa hewani, wewe unabaki na theluthi mbili. Ukipata zamu yako, ujumbe unafika mzima.

Sasa mweke jirani huyo huyo chaneli ya 1, wewe uwe ya 4. Kinachokufikia ni kipande cha mawimbi yake, robo iliyokatwa pembeni. Ruta yako haiwezi kukisoma. Haioni fremu wala haijui itaisha lini. Inaona nishati tu hewani. Kwa mawimbi isiyoyaelewa, ruta hulazimika kunyamaza pale tu nguvu yake inapofika -62 dBm. Kati ya -82 na -62 kuna desibeli 20, yaani tofauti ya nguvu mara 100. Jirani yeyote anayeangukia katika pengo hilo ana nguvu ya kutosha kukuharibia, lakini hana nguvu ya kutosha kukufanya umsubiri. Mnasema kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamharibia mwenzake.

Madhara yake hayaishii hapo. Fremu isipofika, ruta huituma tena. Ikishindwa mara kadhaa, hudhani kifaa kiko mbali na kupunguza kasi ya kutuma. Fremu ya kasi ndogo hukaa hewani muda mrefu zaidi, na kukaa hewani muda mrefu ni kujiweka zaidi kwenye njia ya kugongwa. Nimeona mtandao ukishuka namna hii hadi kasi ya chini kabisa huku chanzo kikiwa jirani mmoja asiyekuwa na shughuli nyingi.

Ndiyo maana nasema bila kusita: katika gigahezi 2.4, gawana chaneli na jirani unayemsikia vizuri badala ya kujibanza kati ya wawili. Lakini kanuni hii haichagui kati ya 1, 6 na 11. Kwa hilo inabidi kupima.

Hatua ya kwanza: punguza mzigo na upana

Kabla ya kugusa chaneli, hamishia gigahezi 5 kila kifaa kinachoweza kutumia masafa hayo na kiko karibu na ruta. Ukitenganisha majina ya mitandao miwili, utajua kwa hakika nani yuko wapi. Gigahezi 2.4 iachie vifaa vya zamani, vile vidogo vya nyumbani visivyojua masafa mengine, na chumba cha mbali.

Kisha ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute upana wa chaneli wa gigahezi 2.4. Kama umewekwa 40 MHz au "Auto", uweke 20 MHz. Upana wa 40 hula zaidi ya nusu ya eneo lote la chaneli 1 hadi 11, hivyo utawagusa karibu wote na wote watakugusa. Huu ni uamuzi mmoja ambao sijawahi kuona ukileta hasara katika jengo lililojaa.

Hatua ya pili: sikiliza mahali pawili, saa ya msongamano

Pima jioni, watu wakiwa wamerudi. Orodha ya saa nne asubuhi ni ya jengo jingine.

Pima ukiwa karibu na ruta, halafu pima tena pale unapokaa na kifaa chako. Ruta inaamua kunyamaza au kutuma kwa kile inachosikia yenyewe, lakini fremu inaharibikia kwenye sikio la mpokeaji. Kuna majirani ambao ruta yako sebuleni haiwasikii kabisa, ilhali laptopu yako chumbani imelala ukutani kwao. Kipimo cha mahali pamoja hakiwezi kukuonyesha hilo.

Kwenye Linux, amri hii inakupa jina, masafa na nguvu kwa dBm:

```
sudo iw dev wlan0 scan | grep -E "SSID|freq|signal|channel utilisation"
```

Badilisha `wlan0` kwa jina la kadi yako. Kwenye Windows:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Windows hutoa asilimia. Gawanya kwa mbili, kisha toa 100: asilimia 80 inakuwa takriban -60 dBm. Kwenye simu za Android, programu kama WiFiAnalyzer inatosha. Ujue tu kwamba Android huzuia kutafuta mara kwa mara, kwa hiyo kaa mahali pamoja dakika mbili kabla ya kuamini namba. Mwenye Mac abonyeze alama ya Wi-Fi huku ameshikilia kitufe cha Option, afungue Wireless Diagnostics, kisha achague Scan kwenye menyu ya Window.

Nitatumia orodha moja mpaka mwisho. Kila namba ni mtandao mmoja:

```
Chaneli   Kwenye ruta            Chumbani
1         -58 -71 -74 -80        -62 -70 -78
3         -66                    -72
6         -49 -77                -57 -80
9         -70                    -75
11        -68 -72 -75 -79 -83    -64 -69 -76 -81
```

Mtandao wangu mwenyewe unasikika chumbani kwa -63. Namba hii ni muhimu kuliko zote, maana kelele ya jirani ni kubwa au ndogo kwa kulinganishwa nayo.

Hatua ya tatu: kadiria kelele usiyoweza kuisubiri

Kwa kila chaneli unayoifikiria, angalia mitandao inayoilalia bila kuwa namba ile ile. Kanuni ya makadirio ni rahisi. Mkiachana namba moja, robo tatu ya nguvu yake inaingia kwako. Toa desibeli 1. Mkiachana namba mbili, nusu inaingia, toa 3. Mkiachana namba tatu, robo inaingia, toa 6. Mkiachana nne, kingo zinagusana tu bila kulaliana, lakini mawimbi hayakatiki kama kisu, hivyo jirani mwenye nguvu sana bado atavuja kidogo. Kutoka tano kwenda juu, msahau, ila kama ruta zenu ziko karibu mno, kwa mfano mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja mwembamba.

Chukua kwanza ile chaneli ya 4 iliyonivutia. Jirani wa chaneli ya 1 anaifikia ruta yangu kwa -58. Ikitolewa 6, ni -64. Hiyo iko chini ya kizingiti cha -62, kwa hiyo ruta haimsubiri. Inatuma juu yake. Chumbani, jirani huyo anasikika kwa -62, na kipande chake kinachoingia chaneli ya 4 ni -68. Mtandao wangu ni -63. Tofauti ni desibeli 5 tu. Kwa tofauti hiyo, kinachowezekana ni kasi za chini kabisa. Kasi za juu zinahitaji desibeli 20 na kuendelea. Yule wa chaneli ya 3 naye hupunguza desibeli 1 tu, na ruta inamsikia kwa -67: pia hasubiriwi. Hapo ndipo mazungumzo yangu ya video yalipokuwa yakifia, na mistari ya mawimbi haikuweza kusema chochote, kwa sababu mistari inapima nguvu ya ruta yangu na haipimi kelele iliyoizunguka.

Sasa hizo tatu safi. Ukikaa chaneli ya 1, anayekulalia ni wa chaneli ya 3, namba mbili mbele: chumbani ni -72, toa 3, inakuwa -75. Tofauti na mtandao wangu ni desibeli 12. Ukikaa chaneli ya 6, wa 3 ameachana nawe namba tatu, kwa hiyo -78. Wa 9 vilevile, -81. Kelele kubwa zaidi ni -78, tofauti 15. Ukikaa 11, wa 9 ameachana nawe namba mbili: -75 toa 3 ni -78, tofauti 15 pia.

Chaneli ya 1 imebaki nyuma kidogo. Kati ya 6 na 11 kelele ni sawa, na hapa ndipo programu nyingi za simu hukosea, kwa kuwa zitaiona -49 ya chaneli ya 6 na kuipa alama mbaya. Ile -49 ni jirani wa chaneli moja. Nguvu yake hainitishi. Kwa kweli inanifaa, maana ruta yangu na laptopu yangu zote zinamsikia waziwazi na kumpisha. Ninayemwogopa kwenye chaneli moja ni yule wa -80 na kitu, ambaye kifaa kimoja kinamsikia na kingine hakimsikii. Kumpisha kwake ni kwa bahati.

Hatua ya nne: pima muda uliotumika, usihesabu majina

Baada ya kuzipunguza chaneli kuwa mbili, swali linabadilika: hewa ya kila moja ina shughuli kiasi gani? Mitandao mitano iliyolala inaweza kuwa nyepesi kuliko mmoja unaotazama filamu kila usiku. Lakini hata iliyolala haikai kimya, na jambo hili husahauliwa. Kila ruta hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, na mara nyingi kwa kasi ya zamani ya megabiti 1. Tangazo la baiti 300 kwa kasi hiyo huchukua kama milisekunde 2.6. Ruta tano zikijitangaza mara moja kila milisekunde 102.4, asilimia 13 ya hewa imekwisha kabla ya mtu yeyote kufungua ukurasa. Kila mtandao wa wageni ulioongezwa kwenye ruta ile ile una tangazo lake. Kama yako ina mtandao wa wageni usiotumika, uzime. Na kama ruta inakuruhusu kuzima kasi za zamani za 802.11b, zizime, ukishahakikisha huna kifaa cha kale kinachozitegemea.

Njia nyepesi ya kujua shughuli ni kusoma kile ambacho baadhi ya ruta za majirani hutangaza zenyewe. Kwenye matokeo ya `iw` hapo juu tafuta mstari kama huu:

```
* channel utilisation: 61/255
```

61 kwa 255 ni asilimia 24: ndiyo sehemu ya muda ambayo ruta hiyo iliikuta hewa ikiwa na mtu. Si kila ruta hutoa taarifa hii, ila ikitolewa na mbili au tatu kwenye chaneli moja, na zikikaribiana, una jibu zuri bila kubadilisha kitu nyumbani.

Kama ruta yako inatumia OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, pima mwenyewe. Weka ruta kwenye chaneli ya kwanza, acha vifaa vyako vitulie, kisha tumia amri hii:

```
iw dev wlan0 survey dump
```

Tafuta sehemu yenye `[in use]`, uandike `channel active time` na `channel busy time`. Subiri dakika kumi, rudia, kisha utoe namba za mwanzo kutoka za mwisho. Gawanya tofauti ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa `active` imeongezeka milisekunde 600,000 na `busy` 144,000, hewa ilishikwa kwa asilimia 24. Fanya hivyo kwa chaneli zote mbili jioni ile ile, kwa jioni mbili au tatu.

Kwenye jengo la mfano wetu, chaneli ya 6 ilitoa asilimia 24 na ya 11 ikatoa 47. Ruta tano za kule zilikuwa na matangazo mengi na watumiaji wawili wazito. Nikakaa 6, pamoja na jirani mwenye sauti kubwa.

Asiye na OpenWrt atumie `ping` kwa anwani ya ruta yake, si kwa tovuti ya nje, ili kipimo kisichanganywe na matatizo ya mtoa huduma:

```
ping -c 200 192.168.1.1
```

Kwenye Windows andika `-n` badala ya `-c`. Iache iende mara 200 kwenye kila chaneli, ukiwa chumbani, saa ya msongamano. Angalia wastani, mruko mkubwa zaidi na zilizopotea. Kipimo hiki ni cha juujuu kuliko kile cha OpenWrt, lakini tofauti kati ya chaneli nzuri na mbaya huwa kubwa kiasi cha kujitokeza.

Hatua ya tano: funga chaneli, kisha hakiki

Mpangilio wa "Auto" kwenye ruta nyingi huchagua mara moja tu inapowaka, kwa kusikiliza sekunde chache, na nyingine huchagua namba kama 3 au 9 bila kujali kingo. Iandike namba mwenyewe. Kwenye OpenWrt:

```
uci set wireless.radio0.channel='6'
uci set wireless.radio0.htmode='HT20'
uci commit wireless
wifi reload
```

Hakikisha kwanza kwa `uci show wireless` kwamba `radio0` ndiyo ya gigahezi 2.4, kwenye ruta nyingine ni kinyume.

Baada ya hapo, kama bado kuna shida, dalili zitakuambia ni ya aina gani. Kwenye laptopu ya Linux zitazame kwa amri hizi mbili:

```
iw dev wlan0 link
iw dev wlan0 station dump
```

Ya kwanza inaonyesha nguvu ya mawimbi na kasi ya kutuma. Ya pili inaonyesha `tx packets` na `tx retries`. Ukiona mawimbi mazuri, kasi ya kutuma iko juu, marudio ni machache, lakini `ping` inaruka kutoka milisekunde 3 hadi 60 halafu inarudi, unasubiri zamu. Hiyo ni shida ya chaneli moja, na dawa yake ni chaneli yenye shughuli ndogo au kuhamia gigahezi 5.

Ukiona mawimbi mazuri vilevile, lakini kasi ya kutuma imeporomoka na marudio yanapanda haraka, unagongwa na usiyemsikia. Ama ni jirani wa chaneli inayopakana, ama ni kitu kisicho Wi-Fi. Maikrowevu hutumia masafa hayo hayo ya takriban 2450 MHz na huchafua hasa kuanzia katikati kwenda juu. Tofauti yake ni kwamba balaa lake huanza ghafla na kuisha ndani ya dakika chache, saa za chakula. Jirani wa chaneli inayopakana hudumu jioni nzima.

Na kama mawimbi yenyewe ni dhaifu, tuseme -78 chumbani, chaneli haiwezi kukuokoa. Isogeze ruta. Kuongeza nguvu ya kutuma ya ruta kunasaidia upande mmoja tu, kwa sababu simu yako itaendelea kujibu kwa sauti yake ile ile ndogo.

Jirani aliyekaa chaneli ya 3

Katika orodha yetu, wawili wanaharibia jengo zima: wa 3 na wa 9. Wa 3 anawachafulia wote wa chaneli ya 1 na kuwagusa wa 6, na yeye anachafuliwa na pande zote mbili kuliko anavyowachafua. Mara nyingi hajui, ruta ilijichagulia. Kumgongea mlango ni hatua ya kiufundi kama zile nyingine, na huwa na faida kubwa kuliko zote. Mimi huanza na shida yake, kwa kuwa ni ya kweli: "Samahani jirani, hivi na kwako mtandao husumbua jioni? Ruta yako imekaa chaneli inayogongana na watu wa pande mbili. Ukiruhusu, tunaihamishia ya 1, ni dakika mbili tu, na ukiona haijafaa tunairudisha." Akihamia ya 1, kelele yake kwangu chaneli ya 6 inatoweka, na watu wa chaneli ya 1 wanaanza kumsikia na kupeana naye zamu.

Akikataa, au humjui ni nani, mkimbie. Kwa wa 3 mwenye nguvu kama -50, chaneli ya 11 inakuwa bora hata ikiwa na shughuli nyingi, kwa kuwa huko ndiko pekee miguu yake haifiki.

Kuna wanaoshauri mpangilio wa 1, 5, 9 na 13 katika nchi zinazoruhusu chaneli ya 13, kwa hoja kwamba unapata nafasi nne badala ya tatu. Hesabu ni sahihi: zimeachana megahezi 20, kingo zinagusana bila kulaliana sana. Lakini ni mpangilio wa jengo ambalo mtu mmoja anaamua kwa ruta zote. Ukikaa 5 peke yako ambapo wengine wako 6, umejiweka namba moja kutoka kwao, na robo tatu ya nguvu yao inakuingia bila kusomeka. Chaneli ya 13 peke yake nayo imelalia nusu ya ya 11, na baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa nchi zinazoishia 11 havitauona mtandao wako kabisa.

Gigahezi 5

Hapa chaneli za kawaida zimeachana megahezi 20 tangu mwanzo: 36, 40, 44, 48 na kuendelea. Huwezi kusimama nusu njia, kwa hiyo kosa la chaneli ya 4 halina mahali pa kutokea. Kuta nazo hukata mawimbi haya zaidi, na majirani wengi hupotea kwenye orodha.

Msongamano huja kupitia upana. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 80 MHz, na block ya kwanza, 36 hadi 48, hubebwa nzima na kila mmoja. Ukiona watu wengi hapo, una njia mbili. Punguza hadi 40 MHz ukae jozi iliyotulia zaidi, au nenda chaneli za 52 hadi 64 na 100 hadi 144, ambako watu ni wachache kwa sababu ruta inatakiwa kuipisha rada. Ukizichagua, usishtuke mtandao wa gigahezi 5 usipoonekana mara tu baada ya kuwasha: ruta husikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kwanza, na kwa baadhi ya chaneli, kutegemea nchi, dakika 10. Ikiwa baada ya siku chache mtandao unahama wenyewe katikati ya matumizi, inasikia rada au inadhani inaisikia. Rudi 36 hadi 48 na upana wa 40.